Mhitimu wa Sayansi, Achana na Sabuni ya Maji: Tutengenezee Mbegu za Uyoga

Leo nitasema jambo ambalo litawaudhi baadhi yenu, hasa ninyi mliomaliza shahada za kemia na baiolojia mkarudi nyumbani kusubiri ajira. Mimi nina stashahada tu, kwa hiyo mtaniwia radhi nikimfundisha kazi mwenye shahada. Lakini nazunguka vijijini kila wiki na ninaona mnachokifanya. Asilimia kubwa ya wale ninaokutana nao wakiniambia "bwana shamba, nimejiajiri kwa taaluma yangu", nikiuliza wanatengeneza nini, jibu ni lile lile: sabuni ya maji.

Sina ugomvi na sabuni. Nyumbani kwangu tunaitumia. Ugomvi wangu ni kuiita kazi ya taaluma. Sabuni ya maji inayofundishwa kwenye semina za siku moja ni kununua asidi ya salfoniki, slesi, magadi, gliserini, chumvi, rangi na pafyumu, kisha kukoroga kwa mti kwa mpangilio ulioandikwa kwenye karatasi. Anayeikoroga vizuri ni mama aliyeishia darasa la saba, na anaiuza kwa bei ya chini kuliko wewe kwa sababu hana mkopo wa chuo wa kulipa. Malighafi mnanunua duka moja. Ukikosea kidogo sabuni inakuwa nyepesi, unaongeza chumvi, maisha yanaendelea. Miaka yako mitatu ya maabara haijakuongezea hata shilingi moja juu ya yule mama.

Mwenye elimu ya sayansi anapaswa kwenda pale ambapo asiye nayo anapata hasara. Katika kazi yangu napajua mahali pamoja pa namna hiyo, nako ni mbegu za uyoga.

Mifuko 60 iliyooza

Kuna kikundi cha akina mama katani kwangu kilichoanza kulima uyoga mamama. Walijenga banda la udongo na nyasi, wakachemsha majani makavu ya mpunga kwenye pipa, wakajaza mifuko 60. Mbegu waliagiza mbali, zikaja kwa basi ndani ya boksi. Nilikuwepo zilipofunguliwa. Chupa kadhaa zilikuwa na madoa ya kijani karibu na pamba, na chupa mbili zilikuwa na majimaji chini. Mwenyekiti wao akaniuliza, "Bwana shamba, hizi ziko sawa kweli?" Nikamjibu wapande tu, utando utaushinda ukungu.

Nilikosea, na ninaliandika hapa ili lisirudiwe. Baada ya siku 10 mifuko mingi ilikuwa ya kijani. Tulipoichana tuliona kijani kimeanzia kwenye punje za mbegu zenyewe na kusambaa kwenda kwenye majani. Hapo ndipo unapojua mkosaji ni nani. Kijani kikianza kwenye majani, mbali na punje, basi majani hayakuchemshwa vya kutosha au mikono ilikuwa michafu. Kikianza kwenye punje, ugonjwa ulikuja na mbegu. Akina mama walipoteza mpunga, kuni, mifuko na msimu. Aliyewauzia alisema banda lao ni chafu, na wao hawakuwa na namna ya kumbishia.

Uyoga hauna mbegu kama mahindi. Tunachokiita mbegu ni punje za mtama au ngano zilizochemshwa, zikauliwa vijidudu vyote, kisha zikapandikizwa utando wa uyoga hadi zikawa nyeupe. Mkulima wa kawaida hawezi kuitengeneza jikoni kwake. Wewe uliyefundishwa kupandikiza bakteria kwenye sahani ya agari bila kuingiza kingine unaweza. Ujuzi huo, ambao uliusomea mtihani kisha ukausahau, ndio bidhaa yenyewe.

Kwa nini kuchemsha peke yake hakutoshi

Hapa ndipo wengi waliojaribu bila elimu wanapoanguka. Wameona majani ya mpunga yanachemshwa kwenye pipa kwa saa moja au mbili na uyoga unaota vizuri, wakadhani punje nazo zinafaa kufanyiwa hivyo hivyo. Majani makavu yana chakula kidogo kwa bakteria, kwa hiyo utando wa uyoga ukiwekwa mwingi unawahi. Punje ya mtama imejaa wanga na protini. Humo kuna bakteria wa jamii ya basilasi ambao hali ikiwa ngumu hujifunga ndani ya ganda gumu, na maji yanayochemka kwa digrii 100 hayawaui. Chupa ikipoa wanaamka, na baada ya siku tatu au nne punje zinateleza, zinatoa majimaji na kunuka uchachu. Ule ndio ugonjwa uliokuwa kwenye zile chupa mbili zenye maji chini.

Kuwaua kunahitaji mvuke wa digrii 121, na mvuke huo unapatikana kwenye presha kuka tu, geji ikisoma 15. Kwa chupa za nusu kilo shikilia hapo dakika 90. Kabla ya kufunga vali, acha mvuke utoke kwa nguvu dakika 10, maana hewa ikibaki ndani geji itasoma 15 lakini joto litakuwa chini. Wenzangu wa nyanda za juu mwongeze nusu saa. Mbeya mjini, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, maji huchemka kwenye digrii 94 hivi, na hata presha kuka ikisoma 15 joto la ndani halifiki 121. Mwenye pipa Mbeya ana shida kubwa kuliko mwenye pipa Tanga, na hakuna semina ya siku moja inayomwambia hivyo. Wewe ulifundishwa uhusiano wa mgandamizo na kiwango cha kuchemka ukiwa kidato cha sekondari.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Chukua mtama safi usiotiwa dawa ya kuhifadhi. Uoshe, uondoe zilizovunjika, uuloweke usiku mzima, saa 12 hivi. Kuloweka kunawaamsha wale bakteria waliojifunga, na wakiamka ni rahisi kufa. Asubuhi chemsha dakika 15 hadi 20, hadi punje ilainike ukiibana kwa vidole lakini isipasuke. Punje iliyopasuka inatoa wanga nje, zinagandana, na bakteria wanapata uji wa kunywa. Chuja, tandaza kivulini hadi unyevu wa juu ukauke. Kipimo changu ni karatasi: bonyeza punje juu yake, ikilowa subiri zaidi.

Changanya na jasi, gramu 10 hadi 20 kwa kila kilo ya punje zilizochemshwa, na chokaa ya unga wa mawe, si ile ya kuunguza mikono, kama gramu 5. Jasi inazuia punje zisishikane. Jaza chupa ya kioo theluthi mbili tu ili uweze kuitikisa baadaye. Ziba kwa pamba kavu iliyobanwa vizuri, funika kwa karatasi ya foili ili pamba isilowe, kisha weka kwenye presha kuka. Ukimaliza, acha mgandamizo ushuke wenyewe. Ukifungua vali kwa haraka pamba zinaruka na chupa zinapasuka.

Kupandikiza unafanyia ndani ya kasha la plastiki lenye matundu mawili ya mikono, lililolazwa ubavu, kwenye chumba kisicho na upepo wala feni. Futa kasha kwa maji yenye dawa ya klorini. Mikono ipake spiriti ya asilimia 70 na uiache ikauke kabisa kabla ya kuwasha taa, kwa sababu mvuke wa spiriti ndani ya kasha lililofungwa unashika moto. Usipulize, usiongee, usifungue chupa zaidi ya moja kwa wakati.

Mbegu mama unaweza kununua kwenye maabara inayoaminika, au ukaianza mwenyewe. Chemsha gramu 200 za viazi mviringo, chuja maji yake, yajaze yafike lita 1, ongeza gramu 20 za glukosi na gramu 20 za agari, ua vijidudu kwa dakika 20 kwenye digrii 121, mimina kwenye sahani au vichupa vidogo. Chana kwa mikono uyoga mamama mchanga, mzima, kutoka kwa mkulima mwenye mazao mazuri, na ukate kipande kidogo cha ndani, pale kofia inapokutana na shina. Ndani hapajaguswa na hewa. Usichukue uyoga wa porini usioujua, hata kama unafanana na mamama, kwa sababu wapo wanaoua na utawauzia watu kifo.

Kipande kikitoa utando mweupe safi, kihamishie kwenye chupa za mbegu mama. Chupa moja ya mbegu mama inapandikiza chupa kama 30 za kupandia. Ziweke gizani, kwenye joto la digrii 25 hivi, na siku ya saba zitikise ili punje nyeupe zisambae. Baada ya wiki mbili hadi tatu zote zinakuwa nyeupe. Hapo ndipo unauza, na hapo ndipo unasimama. Wapo wanaochukua chupa ya kupandia wakaizalisha tena, kisha tena, kwa sababu ni rahisi kuliko kurudi kwenye agari. Kila kizazi utando unachoka, na ukungu uliojificha unaongezeka. Mkulima ataona mavuno yanapungua na atalaumu mvua.

Chupa mbili zisizouzwa

Sasa nakuja kwenye sababu ya mimi kuwataka ninyi na si mtu mwingine yeyote mwenye presha kuka. Katika kila mkupuo, acha chupa moja au mbili ambazo zimepita kwenye presha kuka lakini hazikupandikizwa kitu. Ziweke pembeni ya wenzake kwa siku saba. Huko chuoni mliliita jaribio la ulinganisho, mkaliandika kwenye ripoti ili mpate alama.

Kijana mmoja aliyemaliza baiolojia alianza kazi hii wilayani kwetu. Katika miezi miwili ya mwanzo alikuwa akipoteza karibu nusu ya chupa zake na alikuwa tayari kuacha. Alikuwa anabadilisha kila kitu kwa pamoja: mtama, pamba, muda, mbegu mama. Nikamuuliza chupa zake za ulinganisho zinasemaje, akacheka, akasema, "Kaka, hizo ni za maabara ya chuo." Alipoanza kuziacha, mkupuo uliofuata chupa zote mbili zisizopandikizwa zilichacha. Kwa hiyo kosa hilo halikutoka kwenye mikono yake wala kwenye mbegu mama. Kosa lilikuwa presha kuka, na alipoichunguza akakuta hakuwa anaacha hewa itoke kabla ya kufunga vali. Alirekebisha. Mkupuo uliofuata zile mbili zilibaki safi kabisa, lakini chupa kadhaa zilizopandikizwa zilikuwa na kijani kwa juu. Sasa tatizo lilikuwa limehamia kwenye kasha na mikono. Akafunga dirisha, akaacha kufungua chupa mbili kwa pamoja, na hasara ikashuka hadi chupa moja katika kumi.

Bila chupa hizo mbili angebaki anabahatisha. Yule aliyewauzia akina mama wangu angekuwa nazo, angejua mzigo wake ni mbovu kabla hajaupakia kwenye basi. Au alijua, na hilo ni baya zaidi.

Mtasema hakuna mtaji, hakuna soko

Nilitarajia. Tupige hesabu pamoja, na bei hizi ni za mfano, weka za kwenu. Tuseme presha kuka yako inabeba chupa 10 na unafanya mikupuo mitatu kwa siku. Chupa 30, tatu za ulinganisho, zinabaki 27. Ukipoteza kumi kwa mia unauza 24. Kwa shilingi 3,000 kila moja ni shilingi 72,000. Mtama kilo 10 tuseme shilingi 15,000, gesi au mkaa 10,000, pamba, jasi, foili na spiriti 5,000. Jumla 30,000, inabaki 42,000 kabla ya pango na nguvu zako. Ukipoteza chupa 11 badala ya tatu, unauza 16, unapata 48,000, inabaki 18,000. Mtama ni ule ule na gesi ni ile ile. Tofauti ya shilingi 24,000 kwa siku moja ya kazi imetoka kwenye usafi wa mikono yako tu. Nioneshe sabuni ya maji inayokulipa kwa kujua namna hiyo.

Kishawishi kitakuja hapo hapo. Zile chupa 11 mbovu nyingine zina doa dogo tu, na mteja yuko mbali. Ukiziuza unapata shilingi 33,000 leo. Mkulima anapoteza mfuko, kuni na wiki tatu, na wakulima wa uyoga wanajuana. Zichemshe tena zikiwa zimefungwa, zimwage shimoni, uanze upya.

Kuhusu soko nitasema ukweli wenye kuumiza. Hii si biashara ya kila kijiji. Mbegu ni kitu hai: kwenye friji la digrii 4 inakaa mwezi mmoja hadi miwili, juani ndani ya basi inaweza kufa siku moja. Kabla ya kununua presha kuka, tembelea wakulima wa uyoga walio umbali wa safari ya nusu siku, uwaulize wanapanda lini na chupa ngapi. Chupa moja ya nusu kilo inatosha kilo 15 hivi za majani yaliyolowa. Ukikuta mahitaji ya chupa chini ya 50 kwa mwezi, kalime uyoga mwenyewe kwa mbegu zako hadi majirani waige. Zalisha kwa oda, upokee nusu ya malipo wiki tatu kabla, maana ndio muda utando unaohitaji. Na usikimbilie kuuza semina. Nimechoka na watu wanaofundisha kulima uyoga huku hawana chupa moja safi ya kuuza.

Kwa wakulima wanaonunua

Msikubali kosa nililolikubali mimi. Chupa nzuri ni nyeupe yote, punje zimeshikana kwa utando na zinaachana ukiitikisa kwa nguvu. Ukifungua inanukia uyoga mbichi. Ukiona kijani, cheusi au rangi ya chungwa, au majimaji chini, au harufu ya uchachu, rudisha chupa nzima. Usichote sehemu nyeupe ukaacha mbaya, kwa sababu ukungu unapoonekana kwa macho umeshasambaa kote. Mwombe muuzaji aandike tarehe ya kupandikiza kwenye kila chupa. Na wewe unapopanda, jaza mfuko mmoja kwa majani yale yale bila kuweka mbegu, uufunge na uuweke pembeni. Ukibaki safi huku mingine ikiwa ya kijani, una la kumjibu muuzaji atakayesema banda lako ni chafu.

Akina mama wangu wamejaza mifuko tena mwezi uliopita, 20 tu safari hii, kwa mbegu za yule kijana. Mfuko wa ulinganisho uko kwenye kona ya banda, na mwenyekiti ameufunga kitambaa chekundu asiupande mtu kwa bahati mbaya. Mifuko imekuwa meupe. Shida yao sasa ni kwamba kijana ana oda nyingi kuliko chupa, na wanatakiwa kusubiri wiki tano kwa mzigo ujao. Wahitimu wengine wa sayansi wilayani humu wapo, nawajua kwa majina. Wiki iliyopita mmoja wao alinipigia simu kuniuliza wapi anaweza kupata slesi kwa bei nafuu.